Kati ya mgawo na matumizi: jinsi salio la malipo ya kabla linavyokatwa, na migogoro inakoanzia

Mteja wa simu anayelipa kabla ya kutumia huamini kwamba salio lake hupungua kidogo kidogo kadiri data inavyopita, na kwamba wakati wowote akiuliza salio ataambiwa kiasi halisi kilichobaki. Imani hiyo ina sababu zake, kwa kuwa kampuni za simu zenyewe husema kwamba utozaji wao ni wa papo kwa papo. Lakini ndani ya mtandao hakuna chombo kinachopunguza shilingi kila baiti inapopita. Kuna mgawo unaotolewa kabla ya matumizi na taarifa inayorudishwa baada ya matumizi, na kati ya hivyo viwili kuna kipindi ambacho hakuna anayejua kwa hakika mteja amebakiwa na nini. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba sehemu kubwa ya migogoro ya makato ya data huzaliwa katika kipindi hicho, na kwamba haimaliziki kwa sababu kumbukumbu anazopewa mteja hazikionyeshi kabisa.

Kazi ya kutoza data imegawanywa kwa mitambo miwili. Wa kwanza ni lango la data, yaani mtambo ambao pakiti zote za mteja hupitia zikienda na kutoka kwenye intaneti. Lango linajua kuhesabu baiti, lakini halijui mteja ana shilingi ngapi wala kifurushi chake kinakwisha lini. Wa pili ni mfumo wa utozaji, ambao unatunza salio, vifurushi na bei, lakini haumwoni mteja akitumia. Mitambo hii huzungumza kwa ujumbe wa itifaki iitwayo Diameter. Taratibu za kudhibiti salio kwa itifaki hiyo ziliwekwa mwaka 2005 katika waraka RFC 4006, zikaandikwa upya mwaka 2019 katika RFC 8506, na shirika la viwango la 3GPP likaziongezea masharti yanayohusu mitandao ya simu.

Mteja anapowasha data, lango hutuma ombi la kwanza kwa mfumo wa utozaji likiuliza kama mteja huyu aruhusiwe. Mfumo hutazama akaunti yake, huamua ni kifurushi au salio gani litumike, kisha hutenga sehemu yake, tuseme megabaiti 50, na kuirudisha kwa lango kama mgawo, pamoja na muda wa uhalali wa mgawo huo kwa sekunde. Kuanzia hapo lango huachia pakiti zipite bila kuuliza tena. Mgawo unapokaribia kwisha, au muda wake wa uhalali unapofika, lango hutuma ombi la pili likieleza kiasi kilichotumika na kuomba mgawo mwingine. Mteja akizima data, lango hutuma ombi la mwisho lenye matumizi yaliyobaki bila kuripotiwa. Makato halisi hufanyika pale tu taarifa ya matumizi inapofika. Kabla ya hapo kilichopo ni zuio, na sehemu ya zuio isiyotumika hurudi kwenye akaunti.

Ukubwa wa mgawo ni uamuzi wa kampuni, na kila uamuzi una gharama yake. Mgawo mdogo huwa na maana ya ujumbe mwingi, na katika mtandao wenye mamilioni ya watu walio hewani kwa wakati mmoja, ujumbe huo unaweza kuulemea mfumo wa utozaji. Mgawo mkubwa hupunguza mzigo, lakini huongeza kiasi cha salio kilichozuiwa na hurefusha muda ambao mfumo hauoni matumizi. Sijui njia ya kuukwepa mvutano huu, na silaumu kampuni kwa kuwa nao. Ninacholaumu ni kwamba mteja hubebeshwa matokeo yake bila kuelezwa kwamba upo.

Tokeo jepesi zaidi ni salio linaloonekana kupotea kisha kurudi. Chukua mteja mwenye shilingi 1,000 ambaye data yake iko wazi nje ya kifurushi, na ambaye mfumo umemzuilia shilingi 450 kwa ajili ya mgawo wa megabaiti 50. Akijaribu kununua kifurushi cha shilingi 600, mfumo unaweza kumjibu kwamba salio halitoshi, kwa kuwa kilicho huru ni shilingi 550 tu. Akizima data na kurudia baada ya dakika mbili, ununuzi unakubaliwa. Hapa hakuna fedha iliyoibwa, lakini mteja aliyesoma salio la 1,000 kisha akakataliwa ununuzi wa 600 hana namna ya kulijua hilo. Hali huwa mbaya zaidi lango linapopata hitilafu na kushindwa kutuma ombi la mwisho. Zuio halifutwi mpaka kipima muda cha usimamizi kilicho ndani ya mfumo kiishe, na RFC 4006 inapendekeza kipima muda hicho kiwe mara mbili ya muda wa uhalali wa mgawo. Kampuni iliyoweka uhalali wa saa moja itakuwa imemshikia mteja fedha yake kwa saa mbili.

Mgogoro unaostahili kuchambuliwa kwa kina, hata hivyo, ni ule wa kifurushi kinachokwisha muda wakati mteja yuko katikati ya matumizi. Nitatumia mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi, kwa sababu hesabu yake ndiyo inayoonyesha kosa lilipo.

Mteja alinunua kifurushi cha gigabaiti 1, yaani megabaiti 1,024, cha saa 24, siku ya Jumatatu saa 2:14 usiku. Jumanne saa 2:10 usiku bado ana megabaiti 300 za kifurushi, na kwenye salio kuu ana shilingi 4,500 alizoziweka kwa ajili ya kupiga simu. Anatazama video ya ubora mdogo inayokula takriban megabaiti 5 kwa dakika. Bei ya data nje ya kifurushi ni shilingi 9 kwa megabaiti. Saa 2:10 lango linaomba mgawo, na mfumo wa utozaji unaona kifurushi bado ni hai, unatenga megabaiti 50 kutoka humo, na kumpa lango muda wa uhalali wa saa moja, ambao ndio kiwango kilichowekwa kwa wateja wote.

Saa 2:14 kifurushi kinakwisha muda. Lango halijui, kwa maana halikuambiwa. Hadi dakika hiyo mteja ametumia megabaiti 20 za mgawo. Anaendelea kutazama, na megabaiti 30 zilizobaki zinakwisha saa 2:20, ndipo lango linapotuma taarifa kwamba megabaiti 50 zimetumika na kuomba mgawo mwingine. Mfumo wa utozaji unapopokea taarifa hiyo unatafuta mahali pa kuikata. Katika mfumo uliopangwa vibaya, swali linaloulizwa ni moja tu: sasa hivi, saa 2:20, mteja huyu ana nini? Kifurushi kimekufa, salio kuu lipo, basi megabaiti zote 50 zinakatwa kwenye salio kuu kwa shilingi 450. Zile 20 zilizotumika wakati kifurushi kikiwa hai nazo zimetozwa bei ya nje ya kifurushi, na mteja amezidishiwa shilingi 180.

Viwango vilishaliona tatizo hili na kutoa dawa mbili. Ya kwanza ni kufupisha uhalali wa mgawo: mfumo unaotoa mgawo saa 2:10 huku ukijua kwamba kifurushi kinakwisha saa 2:14 ungepaswa kutoa uhalali wa sekunde 240, ili lango lirudi kuuliza saa 2:14 ileile. Dawa hii ni rahisi, ila ina udhaifu mmoja: ikiwa vifurushi vya wateja wengi vinakwisha saa 6 kamili usiku, malango yote yatarudi kuuliza kwa sekunde ileile, na mfumo unaweza kuzidiwa. Dawa ya pili iliwekwa kwa ajili ya hali hiyo. Mfumo humpa lango mgawo pamoja na saa ya mabadiliko ya bei, na lango, bila kurudi kuuliza, huhesabu matumizi ya kabla na ya baada ya saa hiyo katika mafungu mawili. Taarifa ya mteja wetu ingefika saa 2:20 ikiwa na umbo hili:

```
CC-Request-Type: UPDATE_REQUEST (2)
Multiple-Services-Credit-Control
  Used-Service-Unit
    CC-Total-Octets: 20971520
    Tariff-Change-Usage: UNIT_BEFORE_TARIFF_CHANGE (0)
  Used-Service-Unit
    CC-Total-Octets: 31457280
    Tariff-Change-Usage: UNIT_AFTER_TARIFF_CHANGE (1)
```

Fungu la kwanza ni megabaiti 20, la pili ni 30. Mfumo ungekata la kwanza kwenye kifurushi na la pili kwenye salio kuu kwa shilingi 270. Ipo pia njia ya tatu, ambayo ni ya kisera: kuheshimu zuio lililowekwa kifurushi kikiwa hai, na kumwachia mteja megabaiti zote 50. Kampuni inayofanya hivyo hupoteza kidogo sana kwa kila mteja na hujiepusha na hoja nyingi kwenye dawati la huduma. Kama ningeulizwa, hiyo ndiyo ningeichagua.

Tuendelee na usiku wa mteja wetu, maana shilingi 180 ndizo ndogo katika habari hii. Baada ya saa 2:20 mfumo uliendelea kutoa migawo kutoka salio kuu, video ikaendelea, na shilingi 4,050 zilizobaki, zinazotosha megabaiti 450, zikaisha baada ya dakika 90. Saa 3:50 usiku mtandao unakatika na salio ni sifuri. Mteja anapiga simu kwa huduma kwa wateja akisema ameibiwa shilingi 4,500. Mhudumu anatazama skrini, anaona kifurushi kilikwisha saa 2:14, na kumjibu kwamba alitumia data nje ya kifurushi. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hakuna aliye na ukweli wote. Kati ya hizo 4,500, shilingi 180 ni kosa la hesabu ambalo kampuni inapaswa kulirudisha bila ubishi. Shilingi 4,320 zimehesabiwa sawasawa kwa bei iliyotangazwa, na swali lake ni tofauti kabisa: nani alikubali kwamba salio la kupigia simu litumike kwa data? Maswali haya mawili yanapochanganywa, mhudumu hujibu la pili kwa kanuni za la kwanza, na mteja huondoka akiwa na hakika kwamba amedhulumiwa.

Kwa upande wa mitambo, swali la ridhaa halina ugumu wowote. Mfumo wa utozaji ndio unaoamua ni akaunti zipi ziguswe kwa huduma ipi, na mgawo wa mwisho wa kifurushi unaweza kutolewa ukiwa na alama ya kuwa ni wa mwisho, ikilielekeza lango ama kukata huduma, ama kumpeleka mteja kwenye ukurasa wa kuchagua, ama kumruhusu kufikia anwani chache tu. Kwa hiyo kampuni inayosema kwamba haiwezi kuzuia data isile salio kuu inaeleza chaguo lake kana kwamba ni kikomo cha teknolojia. Afrika Kusini, kwa kanuni za mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, ICASA, zilizoanza kutumika mwaka 2019, kumtoza mteja bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yake kulikatazwa, na mitandao ilitakiwa kumpa taarifa matumizi yanapofika asilimia 50, 80 na 100. Tanzania nayo, katika maelekezo yaliyotangazwa na mdhibiti wake wa mawasiliano, TCRA, mwaka 2021, watoa huduma walitakiwa kutoa taarifa kwenye asilimia 75 na 100, na kumpa mteja nafasi ya kuchagua kama aendelee nje ya kifurushi au la.

Taarifa hizo za asilimia ni jambo jema, lakini angalia zinavyomkosa mteja wetu. Saa 2:14 alikuwa ametumia megabaiti 744 kati ya 1,024, ambazo ni chini kidogo ya asilimia 73. Hakuifikia 75, wala hakuifikia 100. Kifurushi chake kilikufa kwa muda, hakikufa kwa ujazo, na ujumbe unaochochewa na ujazo pekee haukuwa na sababu ya kutumwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba masharti ya taarifa hayakamiliki mpaka yataje saa ya mwisho kwa namna ileile yanavyotaja asilimia, na kwamba ujumbe wa muda unapaswa kutoka kabla ya kikomo, angalau kwa mteja ambaye data yake iko wazi wakati huo. Kenya njia iliyofuatwa ni nyingine: mwezi Oktoba 2019, baada ya malalamiko yaliyofikishwa mbele ya vyombo vya kisheria, Safaricom ilianza kuuza vifurushi visivyo na kikomo cha muda. Kifurushi cha aina hiyo huondoa kabisa mpaka wa saa 2:14, na pamoja nao huondoka ugomvi wote wa mafungu mawili.

Kuna makato mengine yanayomkasirisha mteja zaidi kwa sababu hutokea data ikiwa imezimwa. Lango linapotuma ombi na mfumo wa utozaji usijibu, kwa kawaida ndani ya sekunde 10, lango hufuata maagizo liliyopewa kuhusu kushindwa: kukata huduma, kuendelea kuitoa, au kujaribu seva nyingine kisha kukata. Kampuni nyingi hazipendi kuona mtandao mzima ukizimika kwa hitilafu ya utozaji, na hivyo huchagua kuendelea. Wakati huo lango hurekodi matumizi kwenye faili, na mfumo ukishapona, faili hizo husomwa na makato hufanywa kwa mkupuo. Mteja aliyelala na shilingi 2,000 anaamka na 600 ingawa data ilizimwa usiku kucha. Makato hayo yanaweza kuwa halali kabisa, kwa kuwa matumizi yalikuwepo jana jioni. Kasoro ni kwamba kumbukumbu anayoonyeshwa ina saa ya kukatwa na haina saa ya kutumia. Makato ya namna hii pia ndiyo yenye hatari ya kurudiwa. Kila ombi lina utambulisho wa kikao, yaani kipindi kimoja tangu mteja awashe data hadi aizime, na namba yake ya mfuatano, ili ombi lililotumwa mara mbili litambuliwe na likatwe mara moja. Lakini matumizi yaleyale yakiingia kwa njia ya ombi lililochelewa na tena kwa njia ya faili, kinga hiyo haitoshi mpaka kuwe na ulinganishaji wa pande zote mbili.

Tofauti za kuhesabu nazo zipo, ingawa naona hulaumiwa kupita kiasi. Lango huhesabu pakiti kabla hazijafika kwenye mnara, kwa hiyo pakiti inayopotea hewani na kutumwa upya huhesabiwa mara mbili, ilhali simu huiona mara moja. Kampuni zinazopandisha matumizi ya kila kikao hadi kizio kamili kinachofuata huongeza kidogo kwa mteja ambaye mtandao wake hukatika na kurudi mara kwa mara. Haya hueleza tofauti ndogo kati ya kaunta ya simu na kaunta ya kampuni. Hayaelezi shilingi 4,500 zilizoisha jioni moja. Huduma za ujumbe za kujiunga, zinazokata kiasi kamili kwa mara moja bila mgawo wala zuio, ni ugomvi wa aina nyingine unaohusu ridhaa tu, na ndiyo maana ni busara kuuliza kwanza kama makato yanayolalamikiwa ni ya data au ya huduma hizo.

Linabaki suala la ushahidi. Kampuni ina kumbukumbu mbili za tukio lilelile: ya lango, inayoeleza baiti na saa zilipopita, na ya mfumo wa utozaji, inayoeleza akaunti iliyokatwa, bei iliyotumika, salio la kabla na salio la baada. Zinaunganishwa kwa namba ya utozaji ya kikao. Kila kampuni kubwa ina kitengo cha kulinda mapato kinachozilinganisha, lakini kwa asili ya jina lake kitengo hicho hutafuta matumizi yaliyopita bila kutozwa. Ulinganishaji uleule, ukiendeshwa kinyume, ungetoa orodha ya wateja waliotozwa bila matumizi au kwa akaunti isiyostahili, na kosa la shilingi 180 lingeonekana siku hiyohiyo kwa kila aliyepatwa nalo, awe amelalamika au hajalalamika. Ningependa kuona TCRA, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya vilevile, zikidai ripoti ya upande huo wa pili.

Kwa mteja ambaye shauri lake liko mezani sasa, ombi la kuandika ni mahususi. Asiombe maelezo ya kwa nini salio limeisha, kwa sababu atajibiwa kwa sentensi moja. Aombe kumbukumbu ya kila kikao cha data cha siku husika ikiwa na saa ya kuanza na kuisha, kiasi kilichotumika, akaunti iliyokatwa, bei kwa megabaiti, na salio la kabla na baada ya kila kato, kisha aweke pembeni saa ya kununua kifurushi na saa yake ya kwisha. Kato la kwanza la salio kuu baada ya kifurushi kwisha ndilo la kuchunguzwa: kama matumizi yake yalianza kabla ya saa ya mwisho na hayakugawanywa, ana dai la hesabu. Kama yamegawanywa sawasawa, dai lake ni la ridhaa, na anapaswa kuuliza ni lini na kwa njia gani aliruhusu data itumie salio kuu. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni, na yasiporidhisha ndipo hupelekwa kwa mdhibiti. Barua iliyotenganisha madai hayo mawili huwa ngumu kuifunga kwa jibu la kwamba kifurushi kilikwisha.